Kabla hujaandika "wamekanyagana"

Asanteni, kaeni tu jamani, na wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo maana sauti yangu leo imekwama. Nimeambiwa niongelee tunavyoripoti watu wanapokufa kwenye mkusanyiko, iwe mpirani au kwenye ibada, kwenye zile saa za mwanzo ambapo hakuna anayejua nini kimetokea. Nitaanza na neno moja tu ambalo sote tunaliandika bila kufikiri, wamekanyagana.

Liangalieni hilo neno. Kupigana, kusukumana, kukanyagana, yote yana ile "-ana" mwishoni, yaani wao kwa wao. Ukiandika watu 20 wamekufa kwa kukanyagana umeshasema nani kaua na nani kafa na ni walewale, kesi imeisha saa moja asubuhi kabla hata maiti hazijatambuliwa. Alafu mara nyingi siyo kweli hata kwa maana ya kitabibu. Wengi kwenye matukio haya hawafi kwa kukanyagwa, wanakufa wamesimama. Kwenye mita moja ya mraba wakishafika watu sita au saba mtu hana tena uamuzi wa wapi aende, umati unakwenda kama maji, unayumba huku unarudi kule, na kifua kikibanwa mbele na nyuma hakipanuki, na kisipopanuka hewa haiingii. Ukiongea na walionusurika muulize swali hili, mikono yako ilikuwa wapi? Wengi watakwambia ilikuwa imenasa ubavuni, hakuweza kuinyanyua hata kujifuta jasho, wengine watakwambia miguu haikuwa inagusa chini. Sasa mtu ambaye miguu haigusi chini amemkanyaga nani?

Mimi siku hizi naandika "wamebanwa" au "wamefariki kwenye msongamano", basi. Na "wakigombea" nayo tuiangalie. Moshi, tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwenye mkutano wa maombi walipokuwa wanaelekea kwenye mafuta ya upako, na habari nyingi zikatoka kwamba walikuwa wanagombea kukanyaga mafuta. Mtu anasoma anacheka, anasema ujinga wa waumini, na akishasema hivyo haulizi tena walipangiwa wapite wapi na njia yenyewe ilikuwa na upana gani. Hivi mama aliyetoka kwake na mtoto mgonjwa mgongoni kwenda kuombewa ni wa kuandikwa hivyo kweli?

Kesi ninayotaka tuipitie taratibu ni ya Indonesia, uwanja wa Kanjuruhan, wilaya ya Malang, Java Mashariki, tarehe 1 Oktoba 2022. Arema wamefungwa nyumbani 3-2 na Persebaya, watani wao wa jadi. Mashabiki wakaingia uwanjani baada ya filimbi ya mwisho. Polisi wakapiga mabomu ya machozi, na mengine yakaenda mpaka majukwaani kwa watu ambao hawakushuka kabisa. Watu wakakimbilia kwenye mageti, ngazi nyembamba, baadhi ya mageti yamefungwa au yamefunguliwa kidogo tu, wakabanana pale na kukosa hewa.

Asubuhi yake dunia nzima iliamka na habari ya mashabiki wa timu mbili waliopigana. Lakini mashabiki wa Persebaya hawakuruhusiwa kuingia siku ile! Uwanja mzima ulikuwa wa Arema. Hiyo ni kitu ambayo simu moja tu ya dakika mbili ingekwambia, ila tunapoona watani wa jadi na maiti akili inajaza yenyewe katikati, wamepigana hao. Na sisi tungefanya vilevile, Simba na Yanga si mnaijua.

Namba nazo. Idadi ilitangazwa 174, baadaye ikashushwa mpaka 125 kwasababu wengine walikuwa wamehesabiwa mara mbili, alafu majeruhi wakaendelea kufariki ikapanda, ikaishia 135. Inatokeaje? Mtu anahesabiwa mara ya kwanza akiwa uwanjani, anapakiwa kwenye gari, anahesabiwa tena hospitali, hana kitambulisho, ndugu naye anamwandikisha kwa jina la nyumbani. Kwahiyo usijumlishe mwenyewe namba ya hospitali hii na ile. Andika namba, nani kaitoa na saa ngapi, hivyo tu, na ikibadilika sema imebadilika na kwanini, usiifute kimyakimya. Na kuna kinyume chake, hapa kwetu uwanja wa Uhuru tarehe 21 Machi 2021 watu walipokwenda kumuaga Rais Magufuli, siku za mwanzo tulichokuwa tunakisikia zaidi ni msiba wa familia moja iliyopoteza watu watano, polisi wakaja kutaja 45 tarehe 30. Siku tisa! Ukimya wa namba siyo ushahidi kwamba waliokufa ni wachache, pita mochwari, pita kwenye misiba mitaani, hesabu majeneza kwa macho yako.

Turudi Malang maana hapa ndipo penye utamu kwa mwandishi. Siku chache baadaye msemaji wa polisi akasema bomu la machozi siyo lililoua, watu walikufa kwa kukosa oksijeni. Mnaona? Sentensi inaweza kuwa sahihi kwa daktari na ikakuficha kila kitu, maana walikosa oksijeni kwasababu walibanwa getini, walibanwa getini kwasababu walikimbia, walikimbia kwasababu ya moshi. Timu ya uchunguzi iliyoundwa na serikali ikaja na jibu tarehe 14 Oktoba, kwamba mabomu ya machozi ndiyo chanzo kikuu. Wakati huo kanuni za usalama za FIFA zilishakataza zamani gesi ya namna hiyo uwanjani. Sasa kati ya tarehe 1 na tarehe 14 ulitakiwa uandike nini? Siyo chanzo. Ulitakiwa uandike mfuatano, filimbi saa ngapi, bomu la kwanza saa ngapi kwenye klipu, geti namba ngapi lilikuwa wazi na nani alikuwa na funguo.

Mimi kwenye begi nabeba tepu ya fundi, ile ya mita tano. Napima geti. Watu wananicheka ila upana wa geti haubadiliki wiki ijayo kama maneno ya watu, labda walibomoe, na ndiyo maana napima mapema. Angalia pia linafunguka ndani au nje, maana la kufunguka ndani likishabanwa na watu halifunguki tena.

Na shahidi usimuulize "nini kimesababisha?", hajui, aliyebanwa katikati haoni hata mita tano mbele yake. Aliye nyuma anasukuma kwasababu hajui mbele kumeziba. Muulize alisimama wapi, aliona nini, alisikia nini kwa masikio yake, ukishapata watu kumi wa sehemu kumi tofauti unaanza kuona picha.

Kuna dada ameuliza hapa, mhariri anapiga simu anataka chanzo kwenye kichwa cha habari la sivyo hakipandi, tufanyeje. Mpe hiki, msomee herufi kwa herufi: "Watu 20 wafariki kwenye msongamano getini, haijajulikana geti la pili lilifungwa na nani." Kama geti la pili ulilikuta limefungwa, lakini. Umelipiga picha, umeandika saa.