Kuondoa mng'ao wa mafuta usoni bila kuifanya sura iwe bapa

RUKIA: Karibuni tena. Leo tuko kwenye kompyuta, kwenye picha za harusi. Kaka Baraka, bibi harusi amepigwa picha saa saba mchana, paji la uso linawaka, pua inawaka. Wengi wanafanya nini hapo?

BARAKA: Wanachukua brashi, wanapaka rangi moja ya ngozi mpaka mng'ao wote unapotea. Ukiitazama ile picha, pua imepotea nayo. Uso umekuwa kama sahani.

RUKIA: Kama picha za pasipoti za zamani.

BARAKA: Hasa. Picha haina kina, dada. Jicho linajua pua imetokeza kwa sababu mwamba wake una mwanga na pembeni kuna kivuli. Na kwa ngozi zetu nyeusi, mwanga ule ndio unaobeba sehemu kubwa ya umbo. Kwa hiyo tunaupunguza tu, hatuufuti.

RUKIA: Mimi nilikuwa navuta tu Highlights chini. Mbona ngozi inatoka ya kijivu, kama mtu hajapaka mafuta?

BARAKA: Kwa sababu mng'ao wa mafuta hauna rangi ya ngozi. Mwanga umegonga juu ya mafuta ukarudi ulivyo, haukuingia ndani ya ngozi. Una rangi ya jua au ya fleshi. Ukiufifisha, unapata nyeupe iliyofifia, yaani kijivu. Pale inabidi urudishe rangi, siyo kupunguza mwanga peke yake.

RUKIA: Haya, tumpeleke huyo bibi harusi kwenye Photoshop.

BARAKA: Fungua leya mpya tupu juu ya picha, uiweke kwenye Darken. Chukua brashi laini, Flow iwe 10% hivi. Shikilia Alt, uchote rangi ya ngozi jirani kabisa na mng'ao, pale ambapo mwanga ni wa kawaida. Usichote kivulini. Kwa huyu, katikati ya paji nyekundu, kijani na bluu zilikuwa 240, 228, 215, na ngozi ya jirani 172, 118, 88. Umeona? Jirani nyekundu imeizidi bluu mbali sana, kwenye mng'ao zimekaribiana. Ndiyo weupe niliousema.

RUKIA: Na kwa nini Darken? Kwa nini nisipake kawaida?

BARAKA: Darken inagusa tu kile kinachong'aa kuliko rangi uliyochota. Vitundu vya ngozi na mikunjo midogo ni vyeusi zaidi, vinabaki. Ukipaka kwa Normal unavifunika vyote. Halafu, ukisogea, chota upya. Ngozi ya karibu na nywele siyo ya katikati ya paji. Anayechota mara moja akamaliza uso mzima ndiye anayetoa sahani.

RUKIA: Pua je? Maana hapo ndipo watu wanaharibu.

BARAKA: Pua nenda pembeni kwanza, kwenye mabawa, kule mafuta yanakokaa bila kusaidia umbo. Mwamba uache na mstari mwembamba wa mwanga, na nukta ndogo kwenye ncha. Ukimaliza, shusha Opacity ya leya hadi 50%, uanze kupandisha taratibu huku ukitazama. Mimi mara nyingi naishia 60%.

RUKIA: Unajuaje umezidisha?

BARAKA: Punguza picha iwe ukubwa wa simu, maana wateja wataiona huko. Zima na uwashe lile jicho la leya. Ukiwasha pua ikaonekana imepanuka au imekuwa fupi, umezidisha. Ukikuta unasema "amejifuta jasho", umepatia.

RUKIA: Sasa kuna zile picha ambazo paji limeungua kabisa. Ukipima unakuta 255, 255, 255.

BARAKA: Hapo Darken haikusaidii. Hakuna kitundu kilichobaki chini, unapata kiraka laini kama plasta. Kama una RAW, rudi huko kwanza, shusha Highlights, maana mara nyingi bado ina kitu ambacho JPEG ilishakitupa. Kama ni JPEG tu, inabidi uazime ngozi. Leya nyingine tupu, Clone Stamp, Sample iwe Current & Below, Opacity 30% hivi, uchote sehemu ya paji lilelile yenye vitundu vinavyoonekana, usogee kutoka ukingoni kuingia ndani. Shavuni usichote, ngozi yake ina vitundu vya aina nyingine.

RUKIA: Na doa likiwa kubwa?

BARAKA: Dada, ukubwa wa kiganja? Hiyo mwambie mteja ukweli, mpe picha nyingine ya dakika ileile. Na siku ya kazi tembea na tishu. Unaibandika pajini, unabonyeza, unaitoa. Usisugue, utaondoka na poda na foundation.

RUKIA: Msimamizi wa bibi harusi akikukodolea macho?

BARAKA: Mpe yeye tishu, abonyeze mwenyewe.