Mifuko kumi ya DAP: kuhesabu stoku kwa zamu badala ya mara moja kwa mwaka

(Mhadhara kwa watunza stoo na wenye maduka ya pembejeo, Mbeya)

Shikamooni wakubwa zangu. Walio rika langu, habari za asubuhi. Poleni na baridi, naona kuna waliokuja na blanketi.

Nimekuwa mtunza stoo huku Uyole kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu tulihesabu kama wengi wenu mnavyohesabu. Mwisho wa mwaka tunafunga duka siku mbili, tunaita vijana, tunahesabu kila kitu mpaka usiku. Kisha tunakuta leja inasema hivi na stoo inasema vile, bosi anakasirika, tunaandika "upungufu", tunaendelea. Chanzo hakuna anayekijua. Mifuko iliyopotea mwezi wa pili utaiulizia vipi mwezi wa kumi na mbili? Kijana aliyeitoa keshaacha kazi.

Sasa tunahesabu bidhaa tano kila asubuhi kabla ya kufungua. Nitaeleza hiyo tano ilivyopatikana, halafu niwape kisa cha mifuko kumi ya mbolea ya DAP, maana ndicho kilichonifundisha.

Stoo yetu ina bidhaa 400. Kwa kila moja tulichukua kiasi kinachotoka kwa mwaka, tukazidisha kwa bei ya kununulia. Angalieni hapo: si bei ya kimoja peke yake. Pampu ya injini ya kupulizia ni ghali, lakini ukiuza nne kwa mwaka haifiki popote mbele ya mbolea. Tukapanga orodha kutoka juu kwenda chini. Bidhaa 40 za juu ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya fedha: mbolea, mbegu za mahindi, baadhi ya viuatilifu. Hizo tukasema zihesabiwe kila mwezi. Zilizofuata 100, kila miezi mitatu. Zilizobaki 260, nozeli na kamba na mipira, mara mbili kwa mwaka.

Pigeni hesabu nami. 40 mara 12 ni 480. 100 mara 4 ni 400. 260 mara 2 ni 520. Jumla hesabu 1,400 kwa mwaka. Tunafanya kazi kama siku 280. Gawanya, unapata tano. Ukipata kumi na tano na una mtu mmoja, usijidanganye, punguza zamu za kundi la chini. Mpango usiotekelezeka hufa wiki ya tatu.

Lakini hiyo fomula haijui kwamba tuko Nyanda za Juu Kusini. Huku mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. DAP ya kupandia hutoka kwa fujo Novemba na Desemba, urea na CAN za kukuzia hufuata mahindi yakishasimama. Kuhesabu DAP kila mwezi mwezi wa saba ni kuhesabu vumbi, na kuihesabu mara moja tu Desemba ni kuchelewa. Kwa hiyo mbolea ya msimu tunaihesabu kila wiki, msimu ukiisha tunailegeza, na zile nozeli tunazimaliza kiangazi. Vilevile tulipandisha daraja vitu vidogo vinavyoingia mfukoni, na mbegu nyingine, kwa sababu ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Fedha yake ni ndogo, ila shida yake si ndogo.

Haya, kisa. Ni Desemba, saa moja asubuhi. Zamu ya DAP. Leja inasema 412, lakini kijana anayehesabu hajaambiwa. Hilo ni la lazima. Ukimpa karatasi yenye 412, ataona 412. Anahesabu palati: safu moja mifuko mitano, safu nane, kwa hiyo palati iliyojaa ina 40. Namwambia azunguke nyuma na apande juu, maana wapakiaji wakiwa na haraka huacha shimo katikati ya lundo. Anarudi: palati tisa zilizojaa na moja yenye 37. Ni 397.

Pungufu 15. Wengi wetu hapa tungesahihisha leja iwe 397 tukafungua duka. Ndipo kosa lilipo. Kwanza nilimtuma mtu mwingine ahesabu upya, naye akapata 397. Kisha nikatafuta karatasi ambazo hazijaingizwa. Mfukoni mwa mpakiaji kulikuwa na hati ya mifuko mitano iliyopakiwa jana jioni baada ya leja kufungwa. Tano zikaeleweka, zikabaki kumi.

Kwa kuwa tulikuwa tumeihesabu wiki iliyotangulia ikiwa sawa, sikuhitaji kufukua mwaka mzima. Nilikuwa na invoisi za siku sita tu. Nilipozipitia, moja ilinishtua: mkulima kanunua urea mifuko kumi. Wiki ya kwanza ya Desemba, mashamba ndiyo kwanza yanapandwa, ya nini urea? Nikaenda kuhesabu lundo la urea ingawa haikuwa zamu yake. Leja 230, lundoni 240. Tukampigia simu yule mzee. Akasema, "Mwanangu, mimi nilichukua DAP." Alilipishwa bei ya urea, na bei ya DAP ilikuwa juu zaidi. Alikubali kuongeza tofauti, Mungu ambariki.

Tulipotazama kompyuta tukaona sababu: DAP ilikuwa 1021 na urea 1012. Vidole vya mtu aliyechoka huzibadilisha kirahisi. Tulibadilisha namba ya urea, na kosa hilo halijarudi. Mwisho wa mwaka tungeona DAP imepungua, urea imezidi, na mtu angesema zinafidiana. Ndiyo maana usahihi wetu hatuupimi kwa jumla ya fedha. Tunauliza: kati ya bidhaa 30 za wiki hii, ngapi zimelingana? Zikilingana 27, tuna asilimia 90.

Kulingana nako kuna mipaka yake. Mfuko wa kilo 50 ukikosekana mmoja, haijalingana, basi. Misumari inanunuliwa kwa boksi na kuuzwa kwa kilo, mzani unakula kidogo kidogo, tunaruhusu asilimia mbili.

Je, tuache kabisa hesabu ya mwisho wa mwaka? Msiache mwaka wa kwanza. Kaeni na mkaguzi wenu wa hesabu mapema. Atataka kuona kwamba kila bidhaa imehesabiwa walau mara moja ndani ya mwaka, kwamba karatasi za hesabu zipo na zimesainiwa, na marekebisho yameingizwa kwa sababu iliyoandikwa. Leja ikiwa bado inapotoka sana, atawarudisha kwenye kufunga duka, na atakuwa na haki.

Kuna mama pale nyuma ameuliza: mimi niko peke yangu dukani, nani anifiche namba? Mama, jifiche mwenyewe. Daftari la leja lifungie kwenye droo. Hesabu, andika kwa kalamu ya wino kwenye kikaratasi, weka tarehe, ndipo ufungue droo. Na chagua kuhesabu mbolea siku moja kabla ya gari kushusha, si siku baada yake. Mifuko 20 utaimaliza chai ikiwa bado ya moto, 600 itakuchukua asubuhi nzima. Ila weka safu ya "ilihesabiwa lini" mbele ya kila bidhaa, maana ukifuata zinazopungua tu, kile kiuatilifu kisichouzika kitakaa kule juu ya rafu mpaka kipite tarehe bila wewe kukigusa.