Kitabu kikubwa kimoja, watoto 90: uliza kabla hujafunua ukurasa

Walimu wenzangu, karibuni. Darasa hili la pili lina watoto 90 na kitabu kikubwa kimoja, nilichokitengeneza kwa karatasi za manila na kalamu ya wino mzito. Herufi zina kimo cha sentimeta 5, na kila ukurasa una sentensi moja tu. Ukimaliza kuandika, nenda kasimame nyuma ya dawati la mwisho. Ukilazimika kukaza macho, andika upya.

Kitundike ubaoni kwa kamba ili mikono yako ibaki huru. Watoto wa mbele nimewakalisha mkekani wasiwazibe wenzao.

Sasa tazama. Nasoma mwenyewe, fimbo ikipita chini ya kila neno: "Bibi ana kuku mweupe." Ukurasa wa pili: "Leo kuku hayupo." Kwenye picha, mlango wa banda uko wazi na manyoya mawili yako chini. Hapa sifunui. Nauliza: "Mnadhani kuku amekwenda wapi?"

Mikono ya mbele inainuka papo hapo. Usimchague mtu. Ukimchagua mmoja, 89 wamepumzika. Hesabu moyoni hadi 5, kisha sema: "Mgeukie jirani yako, mwambie." Wape dakika moja. Kelele hiyo unayoisikia ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo pita katikati yao ukisikiliza, na ukifika nyuma chagua wawili watatu wa huko.

Huyu amesema, "Kaliwa na kicheche." Namuuliza, "Umejuaje?" Anaonyesha manyoya. Mwenzake anabisha: "Angeliwa, manyoya yangekuwa mengi!" Mimi sisemi nani kapata, maana mwalimu akishatamka "sahihi", mjadala umeisha. Nafunua tu: kuku yuko majanini, ameatamia mayai.

Linganisha na swali la "Kuku ana rangi gani?" Darasa zima litapaza sauti, "Mweupe!" Inafurahisha masikio, lakini hujui nani amefikiri na nani amefuata mkumbo.

Kesho yake rudia kitabu hichohicho, safari hii wasome pamoja nawe. Shida inayojitokeza hapa ni kwamba wengi watakuwa wameshakariri, wanaimba macho yakiwa dirishani. Utawajua hivi: weka fimbo kwenye "hayupo" bila kusoma sentensi. Anayenong'ona kwanza "leo kuku..." ndipo alifikie neno, huyo anakumbuka, hasomi. Usimkaripie, kukumbuka kunamsaidia. Funika neno kwa kipande cha karatasi, kisha lifunue silabi moja moja, ha, yu, po, naye alitamke kadiri linavyojitokeza.

Andika majina ya wanne watano wa namna hiyo kwenye daftari lako. Kesho wakae mkekani, karibu na kitabu, na neno la kufunika liwe "mweupe". Silabi yake ya kwanza, mwe, ndiyo itakayowasumbua, basi itamke nao polepole.