Fomu ya standing oda: piga hesabu kabla hujasaini

Asalaam aleikum jamani. Nipo hapahapa dukani kwangu Mwanakwerekwe, penye kopi na kalamu, na hii ni fomu ya standing oda, ile ya kuiagiza benki ikulipie ada ya skuli bila wewe kupanga foleni. Jina na simu jazeni wenyewe, hapo sikai.

Akaunti zipo mbili: yako itakayokatwa, na ya skuli itakayoingiziwa. Usinakili zile tarakimu 16 za usoni mwa kadi. Hiyo namba ya kadi, si ya akaunti! Ya skuli isome kwa sauti, tarakimu moja moja, mwenzio afuatilie kwenye karatasi ya ada. Sifuri ya mwanzo nayo ni namba, usiiruke.

Kiasi: mfano wetu ni 180,000 kila baada ya miezi mitatu. Tarakimu na maneno viseme kitu kimoja... ngojeni, feni inanipeperushia karatasi. Mwanangu, zima hiyo! Haya.

Sasa hapa, hapa ndipo nilipoumia mimi. Mara ngapi ilipwe. Visanduku vimebanana: kila mwezi, kila miezi mitatu. Nikatia alama cha kila mwezi, nikasaini huku nasogoa. Januari ikakatwa, Februari ikakatwa tena, nami nagundua nikienda kutoa hela ya mchele. Kosa langu mwenyewe, benki ilifuata nilichosaini.

Kwa hiyo chukua kalamu (ya buluu, nyeusi mimi huifananisha na kopi). Hesabu tarehe zenyewe: Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Mara 4, kwa 180,000, ni 720,000. Ada ya mwaka kwenye karatasi ya skuli ni 720,000? Sawa. Kisanduku cha kila mwezi kingekupa mara 12, yaani 2,160,000. Narudia: zidisha kiasi kwa idadi ya malipo, kisha linganisha na deni. Narudia tena, maana najua mtu ameshashika kalamu asaini!

Tarehe ya kuanza: mshahara ukiingia 25, weka 28, si 20, la sivyo malipo yatakuta akaunti tupu na huenda ukatozwa. Tarehe 31 iache, Aprili haina. Mwezi uandike kwa jina, maana 05/06 mmoja ataisoma Juni, mwengine Mei. Wala usinambie mfungo tatu, benki haihesabu hivyo. Tarehe ya mwisho andika 28 Oktoba. Ukiacha wazi, makato yataendelea mpaka uyasimamishe mwenyewe.

Kama fomu inampa mlipwaji ruhusa ya kuvuta mwenyewe, hiyo si standing oda. Kiasi kinaweza kubadilika, basi tafuta kiwango cha juu kilichoandikwa. Hamna? Uliza kwanza, mimi nisingesaini.

Saini iwe ileile uliyoweka benki ulipofungua akaunti. Piga picha fomu kabla hujaikabidhi, au njoo nikutolee kopi. Umeme huo, unakatika tena...