Hereni kwenye sikio la mteja: saizi, mng'ao na kivuli

Haya jamani, asanteni kwa kufika, nitaongea kuhusu picha moja tu leo, hii hapa kwenye skrini. Selfi ya mteja, ameangalia kamera moja kwa moja, nywele amezibana nyuma, na kuna hereni ya dhahabu ya kuning'inia, urefu wake milimita 40, anataka kuona ikimkaa vipi kabla hajanunua. Kazi yetu ni kuiweka pale kwenye ndewe ya sikio bila kumdanganya, na nasema kudanganya kwa sababu nilishawahi kumwekea mteja hereni ikaonekana kubwa na nzuri, akanunua, ilipomfikia akairudisha akisema mlinionyesha kitu kingine. Na alikuwa sahihi kabisa, mimi nilikuwa nimekadiria saizi kwa macho tu.

Sasa saizi unaipataje? Kwenye selfi hakuna rula, ila kuna kitu kinakaribia rula, ile duara ya rangi ndani ya jicho inayozunguka mboni. Kwa watu wazima upana wake ni kama milimita 11.7, na unatofautiana kidogo sana kati ya mtu na mtu. Umbali kati ya macho mawili wengi wanautumia lakini huo unapishana mno, mmoja ana milimita 55 mwingine 70, kwa hiyo mi nakwambia pima duara la jicho. Vuta picha karibu, pima kwa upana, sio kwa urefu maana kope za juu huwa zinafunika, na kama mtu amevaa lenzi za rangi za kukuza jicho basi kipimo hicho kimeharibika, achana nacho.

Hapa duara limetoka pikseli 40. Gawa kwa 11.7 unapata kama pikseli 3.4 kwa kila milimita, so hereni ya milimita 40 ingekuwa pikseli 137, si ndio? Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanakosea, mimi nikiwemo siku ile. 137 ni saizi ya hereni ikiwa imekaa kwenye jicho! Sikio liko nyuma ya jicho, kwa mtu anayeangalia mbele chukulia sentimita 9 hivi, na selfi inapigwa karibu, mkono mmoja tu, kwa hiyo hizo sentimita 9 zinahesabika sana.

Kwanza tujue kamera ilikuwa mbali kiasi gani. Ukifungua taarifa za picha, zile za EXIF, kamera hii inaandika lenzi sawa na milimita 26, na picha ina pikseli 1536 kwa 2048 haijakatwa popote, mshazari wake ni 2560. Chukua 26 zidisha 2560 gawa 43.3, ambao ndio mshazari wa fremu ya filamu ya zamani, unapata kama 1537, huo ni urefu wa fokasi ya lenzi kwa pikseli. Zidisha 11.7 gawa 40, jibu ni milimita 450, yaani kamera ilikuwa sentimita 45 kutoka jichoni na sentimita 54 kutoka sikioni. 45 kwa 54 ni 0.83, basi hereni inashuka toka pikseli 137 mpaka 114. Angalieni hizi mbili pamoja. Ya kushoto imepita saizi kwa moja ya tano, na ndiyo inayovutia zaidi, ndo maana ni rahisi kuiacha ipite.

Alafu kumbuka hereni inaning'inia kufuata mvuto wa dunia. Mteja akiinamisha kichwa, hereni haiinami nayo, inabaki wima.

Tuje kwenye mng'ao. Dhahabu iliyosuguliwa ni kioo, unachokiona juu yake ni chumba kilichoizunguka, na picha yako ya katalogi imebeba studio ya mpiga picha, taa mbili nyeupe kila upande. Mteja yuko chumbani ana dirisha moja. Utajuaje dirisha liko wapi? Rudi kwenye jicho lile lile, kuna kidoa cheupe, hiyo ni taswira ya dirisha. Hapa kidoa kipo juu kushoto kwa picha, basi mng'ao mkali wa hereni unatakiwa upande huo huo wa juu kushoto, ule wa kulia naupunguza mpaka ubaki hafifu. Na rangi yake isiwe nyeupe tupu, chuma cha dhahabu kinaipa rangi nuru inayoakisiwa, ni pale katikati tu palipozidiwa ndo panakuwa peupe. Kito ni tofauti, mng'ao wa juu ya uso wake unabaki na rangi ya taa.

Kosa ninalolikuta kila siku: mtu anamaliza hereni ya kushoto, anaigeuza kama kioo aipate ya kulia. Umbo sawa, lakini mng'ao nao umegeuka! Sasa hereni moja inamulikwa kutoka kushoto nyingine kutoka kulia. Geuza umbo kwanza, mng'ao uchore upya.

Kivuli ndio nakipenda zaidi kwa sababu ndicho kinachoifanya hereni iguse ngozi. Viko viwili kwenye picha hii. Pale hereni inapogusa ndewe kuna mstari mwembamba wenye giza, ukingo wake mkali. Kile kingine kimeanguka shingoni, na hereni iko milimita 20 mbele ya ngozi. Tuseme dirisha lina upana wa mita 1 na liko mita 2 kutoka kwake, basi ukingo laini wa kivuli ni 20 mara 1 gawa 2, milimita 10, ambazo sikioni hapa ni kama pikseli 28. Kwenye ndewe pengo ni milimita 1, ukingo ni pikseli moja na kitu. Ukiweka ukungu mmoja kwa vyote viwili hereni inaelea, hutajua kwa nini ila utaiona.

Rangi ya kivuli usitumie nyeusi. Ngozi inanyonya nuru kwa ndani na kuitawanya, nyekundu inasafiri mbali kuliko kijani na bluu, ndo maana kivuli kwenye ngozi kinaelekea wekundu. Mi nachukua sampuli mbili za ngozi ya mteja mwenyewe, shingo penye nuru na shingo chini ya kidevu. Hapa zilikuwa 200, 150, 120 na 140, 95, 72. Ukizirudisha kwenye nuru halisi uwiano ni 0.46 nyekundu, 0.37 kijani, 0.33 bluu, naona nyekundu imepungua kidogo kuliko wenzake. Hizo ndizo nazidisha, m ni barakoa ya kivuli kati ya 0 na 1:

```
import numpy as np
k = np.array([0.46, 0.37, 0.33])
nuru = (picha / 255) ** 2.2
nuru *= 1 - m[..., None] * (1 - k)
picha = 255 * nuru ** (1 / 2.2)
```

Ngozi nyeusi au nyeupe njia ni hiyo hiyo, maana namba zimetoka kwake. Kama chini ya kidevu pamefifia bila kivuli chochote, basi chumba kina nuru pande zote na kivuli chako cha shingoni nacho kiwe hafifu mno, usikilazimishe.

Naam, dada pale nyuma anauliza mkufu. Kivuli na mng'ao ni vile vile, kwenye saizi ndio kuna shida. Ukubwa wa kidani unaweza kuupata kwa njia hii ukikadiria kifua kiko mbali kiasi gani na kamera, lakini mkufu unashuka mpaka wapi inategemea mzunguko wa shingo, na kwenye picha ya mbele nusu ya shingo huioni. Sentimita 45 kwa wengi inafika kwenye mtulinga, kwa mwenye shingo nene inapanda juu. Mi namwomba mteja ajizungushie uzi shingoni, aupime, anitumie hiyo namba ndipo nianze.