Msimbo wa Ramani Mlangoni: Jinsi Nyumba Isiyo na Namba Inavyopata Anwani

Mabibi na mabwana, karibuni.

Anwani ina kazi moja: kumfikisha mgeni mlangoni bila kuuliza njia. Ile tuliyozoea inafanya hivyo kwa kupunguza eneo hatua kwa hatua. Postikodi inakupeleka kwenye eneo, jina la barabara linakupeleka kwenye mstari mmoja ndani ya eneo hilo, na namba ya nyumba inakupeleka kwenye nukta moja juu ya mstari. Kimoja kikikosekana, mnyororo unakatika.

Postikodi ilibuniwa kwa ajili ya wachambuzi wa barua. Ujerumani ilianza kuitumia mwaka 1941, Marekani ikaleta yake ya tarakimu 5 mwaka 1963, na katika zote mbili tarakimu za kushoto zinataja kanda kubwa, zinazofuata zinapunguza hadi ofisi inayosambaza barua. Kwa hiyo, katika nchi nyingi, postikodi peke yake haikuonyeshi nyumba. Ailandi ilichukua njia tofauti mwaka 2015: kila anwani ilipewa msimbo wake wa herufi na tarakimu 7, ambapo 3 za mwanzo ni za eneo na 4 za mwisho ni za anwani hiyo tu. Zile 4 hazifuati mpangilio wa nyumba, kwa hiyo msimbo wa jirani yako haufanani na wako. Bila hifadhidata huwezi kujua unakoelekea. Kumbukeni jambo hili, kwa sababu misimbo ya ramani nitakayoieleza inafanya kinyume chake.

Namba za nyumba nazo zina mbinu mbili kuu. Ya kwanza ni kuhesabu nyumba kwa mfuatano, witiri upande mmoja na shufwa upande wa pili. Ni rahisi siku ya kubandika vibao, lakini mtu akijenga kati ya 12 na 14 mnaanza kuandika 12A, kisha 12B, na mtaa unaojengwa kwa kasi hauchukui muda kuvurugika. Ya pili ni kuhesabu kwa mita: namba ya nyumba ni umbali wa lango lake kutoka mwanzo wa barabara. Lango lililo mita 148 linapata 148, la mkabala linapata 147 au 149, na nyumba mpya ikijengwa mita 161 inapata namba yake bila kugusa ya mtu mwingine. Kwa mji unaokua, mimi ningechagua ya mita bila kusita. Mgeni akiona 148 anajua hata atatembea kiasi gani.

Ila mbinu zote mbili zinataka barabara yenye jina na mwanzo unaojulikana. Pale ambapo nyumba zilitangulia na njia zikajipenyeza baadaye kati ya kuta, hakuna mstari wa kupima. Hapo ndipo msimbo wa ramani unapofaa, kwa sababu haupimi kutoka barabarani. Unapima kutoka kwenye latitudo na longitudo.

Nitachukua mfumo mmoja tu, unaoonekana kwenye Google Maps kwa jina la Plus Codes. Kanuni yake iko wazi kwa umma tangu mwaka 2014, hailipiwi, na simu inaweza kuikokotoa bila mtandao. Unatumia alama 20 tu, kwa mpangilio huu kuanzia thamani 0 hadi 19:

```
23456789CFGHJMPQRVWX
```

Hakuna irabu, ili msimbo usije ukaunda neno, pengine la matusi. Hakuna sifuri wala moja, kwa kuwa watu huzichanganya na herufi O na I.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue mlango ulio kwenye latitudo -6.81594 na longitudo 39.2803. Ili kuondoa namba hasi, tunajumlisha 90 kwenye latitudo na 180 kwenye longitudo. Tunapata 83.18406 na 219.2803.

Hatua ya kwanza ni kugawanya kila moja kwa digrii 20. Katika 83.18406 zimo 20 mara 4, na thamani 4 ni alama 6. Katika 219.2803 zimo mara 10, na thamani 10 ni alama G. Jozi ya kwanza ni 6G. Kilichobaki ni 3.18406 na 19.2803. Tunagawanya kwa digrii 1: mara 3 na mara 19, yaani 5X. Masalio tunayagawanya kwa 0.05, kisha kwa 0.0025, kisha kwa 0.000125. Kila kipimo ni cha kabla yake kilichogawanywa kwa 20, na kila mara latitudo inaandikwa kwanza. Mwisho tunapata hivi:

```
6G 5X 57 MJ J4
6G5X57MJ+J4
```

Alama ya kujumlisha huwekwa baada ya alama 8. Haina thamani, inamsaidia tu msomaji kutambua kwamba huu ni msimbo wa mahali. Kila jozi imepunguza mraba. Jozi ya pili inatuacha kwenye mraba wa kilomita 111 hivi kwa upande, ya tatu kilomita 5 na nusu, ya nne mita 278, na ya tano karibu mita 14. Vipimo hivyo ni vya karibu na ikweta. Ukienda mbali nayo mraba unasinyaa kutoka mashariki hadi magharibi, na kwenye latitudo 60 upana wake ni mita 7 tu.

Tofauti na ule msimbo wa Ailandi, hapa majirani wanafanana. Mraba ulio mashariki ya J4 ni J5, na ulio kaskazini yake ni M4, kwa sababu baada ya J katika orodha inafuata M. Mtu aliyezoea orodha ya alama anaweza kutembea akijua kama anakaribia au anapotea.

Kwa matumizi ya kila siku watu hukata alama 4 za mwanzo na kuweka jina la mji badala yake: 57MJ+J4, kisha mji. Hapa kuna mtego. Msimbo huo mfupi unajirudia kila baada ya digrii 1, yaani kila kilomita 111 hivi, na ramani huchagua ule ulio karibu zaidi na mji uliotajwa. Mji ukiwa ndani ya kilomita 40 hakuna shida. Ukitaja mji ulio mbali zaidi ya nusu digrii, au kama kuna miji miwili yenye jina moja, ramani inakupeleka kwingine bila kukuonya. Ndiyo maana kwenye daftari la mji huandikwa msimbo mzima, na ule mfupi unabaki wa kibaoni.

Udhaifu mwingine ni kwamba msimbo hauna alama ya kujihakiki. Ukikosea herufi moja, unapata msimbo wa mahali pengine palipo halali kabisa. Uzito wa kosa unategemea nafasi yake. Ukiandika J5 badala ya J4 umeangukia kwa jirani. Ukiandika 57MH badala ya 57MJ umesogea mita 278 magharibi, mtaa mwingine. Ukikosea moja kati ya alama mbili zinazotangulia hizo, umepotea kwa kilomita 5 na nusu au zaidi. Kwenye simu, herufi C, G, P na V ndizo zinazosikika vibaya, maana majina yake yote yanaishia kwa sauti ileile. Kwa gari la wagonjwa, anayepokea simu anapaswa kufungua msimbo kwenye ramani na kumuuliza mpigaji: uko karibu na shule hii? Jibu likiwa hapana, arudie herufi moja moja.

Kosa linalosumbua kuliko yote, hata hivyo, linatokea siku ya kugawa misimbo. Mlango wetu wa mfano uko mita 5 na nusu tu kutoka mpaka wa magharibi wa mraba wake. Simu ya kawaida chini ya anga wazi inakosea kwa takribani mita 5, na kati ya kuta ndefu au chini ya paa inakosea zaidi. Kwa hiyo mwandikishaji mmoja atapata J4, na mwingine akija kesho atapata J3 kwa mlango uleule. Wote wawili simu zao zimefanya kazi kama kawaida. Nyumba ikishakuwa na misimbo miwili, bili inaenda kwa mmoja na barua kwa mwingine.

Dawa yake ni kugawa msimbo mara moja, mahali pamoja, na kuufunga kwenye daftari. Mwandikishaji asimame nje kwenye lango, si sebuleni. Asubiri hadi duara la makosa kwenye ramani liache kupungua, kisha ahakikishe kwa picha ya satelaiti kwamba nukta imeangukia lango analoliona. Picha nayo huweza kuwa imesogea mita kadhaa, kwa hiyo kabla ya kuanza mtaa apime kwanza kitu kinachojulikana, kama pembe ya makutano. Na anapima lango, si katikati ya paa, kwa kuwa jengo kubwa linafunika miraba mingi, na katikati ya paa pengine panaangalia uchochoro usio na mlango.

Milango miwili ikiangukia mraba mmoja, jambo la kawaida pale nyumba zinapobanana, kuna alama ya 11. Mraba unagawanywa safu 5 na nguzo 4, na kila kisanduku kina takribani mita 2.8 kwa 3.5. Mlango wetu ungekuwa 6G5X57MJ+J4F. Simu haiwezi kupima kwa usahihi huo, kwa hiyo alama ya 11 huchaguliwa kwa kubofya kwenye picha iliyohakikiwa. Ghorofa ni suala jingine: mfumo haujui kwenda juu, na familia 6 zilizopandana zina msimbo mmoja. Namba ya ghorofa na ya mlango lazima ziandikwe kando.

Tena, msimbo haukuelezi unapitia wapi. Mraba unaweza kuwa ng'ambo ya mtaro au nyuma ya ukuta wa jirani, na dereva akaishia mita 14 kutoka kwako bila njia ya kukufikia. Kibao kizuri kwa hiyo kina jina la njia, kama lipo, namba, na msimbo chini yake. Msimbo ni wa ardhi, si wa nyumba. Mwenye nyumba akihamishia lango upande wa pili wa kiwanja, kibao cha zamani king'olewe, msimbo mpya uandikwe kwenye daftari, na ule wa kwanza ubaki humo pamoja na tarehe ulipoacha kutumika, ili barua iliyotumwa kwa msimbo wa zamani iweze kufuatwa.