Fungua Chemba Kabla Hujapokea Kodi

Haya wale wa nyuma sogeeni, viti vipo. Nimepewa mambo manne ya kuzungumza na nyie wenye fremu mnaopangisha migahawa na saluni, vibali, maji taka, harufu na moto, na wanaonijua washaanza kucheka maana wanajua muda wote utaishia kwenye maji taka. Kweli utaishia huko. Mwenye fremu akija kwangu analia, mara nyingi analia kwa sababu ya bomba.

Nianze na yaliyonikuta mimi mwenyewe. Nilikuwa na fremu zimepangana chini ya nyumba, moja ilikuwa saluni, miaka miwili haina shida yoyote. Ya pembeni ikawa wazi, akaja mtu wa mgahawa, mdogo tu, meza sita, kalipa vizuri, nikampa funguo. Mwezi wa tatu, jumamosi, saluni imejaa wateja, maji yanapanda kwenye tundu la sakafuni, meusi, yananuka. Dada wa saluni anasema ni mafuta ya yule, wa mgahawa anasema ni nywele za huyu, na mimi nimesimama katikati na suruali nimekunja.

Nikaita fundi, akasukuma waya, maji yakaenda, nikamlipa tukaagana. Wiki tatu baadae yakarudi yale yale. Sasa hapa sikilizeni vizuri: ule waya hauondoi mafuta, unatoboa tundu katikati ya mafuta. Maji yanapita kwenye lile tundu, unafurahi, kumbe mgando bado umeshika ukuta wa bomba na kila sinki likioshwa tundu linazidi kuwa dogo.

Fundi wa pili alikuja mzee mmoja, hakugusa waya kwanza. Alifungua mifuniko ya chemba zote, moja baada ya moja. Chemba ya kwanza nyuma ya fremu imejaa mpaka juu. Ya pili, pale kwenye kona, kavu. Akaniambia, bosi, kizuizi kiko kati ya hii iliyojaa na hii kavu, basi. Dakika kumi tu, na mimi nilikuwa nishalipa mara moja kwa kubahatisha. Chemba iliyojaa iko kabla ya kizuizi, iliyo kavu iko baada yake, hilo hata wewe unaweza kuliangalia bila fundi.

Wakavuta kile kitu kikatoka, kizito, cheupe kama mche wa sabuni, na ndani yake nywele zimesokotana. Mafuta ndio zege, nywele ndio nondo. Wote wawili walikuwa wanasema kweli na wote wawili walikuwa wanadanganya. Na mimi mwenye nyumba ndio mkosaji wa tatu maana niliwaunganisha kwenye bomba moja, kwa hiyo hata kumdai mtu gharama sikuweza, ningethibitisha vipi?

Najua kuna mtu hapa anawaza, si nimwambie tu mpangaji amwage maji ya moto kila jioni? Jamani. Mafuta yakiwa ya moto yanatiririka kama maji, yanapita sinki, yanapita nje, yakifika mbele huko bomba lilipo la baridi yanaganda. Maji ya moto hayakuondolei tatizo, yanalisogeza mahali ambapo kulichimbua ni ghali zaidi. Sabuni nyingi nayo ni hivyo hivyo, inayavunja mafuta yapite kwa muda, halafu yanajikusanya mbele.

Dawa ni mtego wa mafuta. Ni kisanduku chenye mfuniko, maji ya sinki la jikoni yanaingia upande mmoja, yanatulia, mafuta yanaelea juu, mabaki ya chakula yanazama chini, na bomba la kutokea limeshushwa mdomo wake lichukue maji ya katikati tu. Ukaribu na sinki ni muhimu, mafuta yasigande kabla hayajafika. Na choo kisiunganishwe huko hata siku moja.

Sasa, kuweka mtego bila kuusafisha ni sawa na kutokuweka. Kipimo kinachotumika na wengi ni robo: chukua kijiti, pima kina. Tuseme maji yana kina cha sentimita 40, ukikuta mafuta ya juu na tope la chini ukijumlisha yanafika sentimita 10, safisha. Usingoje ijae, maana ikipita hapo maji hayana tena nafasi ya kutulia, mafuta yanapita moja kwa moja. Na muulize mpangaji yale mafuta akiyatoa anayapeleka wapi! Wangu mimi kijana wake alikuwa anasafisha kila wiki, mwaminifu kabisa, halafu anayamwaga chooni. Yakazunguka mtego yakaingia bomba lile lile.

Kwa saluni ni rahisi zaidi, kichujio cha nywele kwenye kila sinki la kuoshea, kinachotoka kwa mkono ili msafishaji asikate tamaa. Lakini kikubwa, kila fremu iwe na bomba lake na chemba yake kabla hazijakutana. Hapo likiziba, unafungua mfuniko unajua ni la nani. Na mkataba useme nani anasafisha, kila baada ya muda gani, na kwamba wewe unaruhusiwa kufungua ule mfuniko ukitaka.

Muda... ananionyesha dakika tano yule. Haya tukimbie.

Harufu. Ukisikia mayai viza kwenye fremu iliyokaa wazi, usivunje sakafu, maji ya kwenye kona ya bomba yamekauka na hewa ya chini inapanda, mwaga ndoo moja. Moshi wa jikoni upande kwa dohani mpaka juu ya paa, sio feni inayotoboa ukuta chini ya dirisha la mpangaji wa ghorofani, huyo atahama.

Moto. Hiyo dohani ndani inajipaka mafuta, moto wa kwenye karai ukiruka unaifuata juu, kwa hiyo nayo isafishwe. Mafuta yakiwaka usimwage maji, yanageuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta yanayowaka, jikoni kuwe na blanketi la kuzimia na kizimamoto cha mafuta ya kupikia. Mtungi wa gesi ukae nje, wima, mbali na chemba, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka, inaingia kwenye tundu la sakafuni ambalo nyie mnaliogopea harufu tu. Saluni shida ni umeme: drayeri moja ya wati 2,000 kwenye volti 230 inakula karibu ampea 9, chomeka tatu kwenye ekstensheni moja ni ampea 26, soketi ya 13 itayeyuka. Ukigusa plagi ukakuta ya moto, usimsubiri fundi kesho, zima.

Vibali, nimeviacha mwisho makusudi. Mpangaji akisema "hivyo niachie mimi", leseni ya biashara sawa, ni yake, lakini kubadili matumizi ya jengo na kutoboa ukuta kupitisha dohani kunamhitaji mwenye jengo, ndio maana mkaguzi akija anakuuliza wewe. Andikeni kwenye mkataba kibali kikikataliwa nini kinatokea, na tarehe ya mwisho ya kukingoja, vinginevyo fremu inakaa imefungwa miezi na mnagombania dipoziti. Na bima, waambie kabla jiko halijawashwa.

Mama pale una swali? Mtego ukae ndani au nje? Nje, kama sinki liko karibu na ukuta. Ukiwa ndani watauwekea gunia juu ya mfuniko, na hautafunguliwa tena.